Nyeupe na ya waridi, zote karati 18: kwa nini uzito na bei havilingani

*"Habari mtaalamu. Mimi na mchumba wangu tunatengenezesha pete mbili za ndoa, muundo mmoja na saizi moja, zote karati 18. Yangu ya dhahabu nyeupe, yake ya dhahabu ya waridi. Sonara katupa makadirio: nyeupe gramu 4.93, ya waridi gramu 4.53, na nyeupe imezidi bei kwa karibu moja ya tano. Anasema nyeupe ni safi zaidi. Shemeji naye anasema ya waridi ni shaba iliyopewa jina zuri. Tena nimesikia nyeupe hugeuka njano. Nani mkweli, na tukija kuuza siku moja tutapata nini?"*

Sonara wako amepiga hesabu vizuri, ila ameieleza vibaya. Pete hizo mbili zina usafi uleule. Hakuna inayoizidi mwenzake hata chembe. Tofauti ya uzito ni ya kweli na tofauti ya bei ina sababu, lakini sababu hiyo haiko kwenye usafi. Iko kwenye ile robo ya pete ambayo si dhahabu. Shemeji naye amekosea, ingawa najua alikoanzia: shaba imo kweli, na ndiyo inayoleta ile rangi.

Karati ni hesabu ya mafungu. Dhahabu tupu ni karati 24, kwa hiyo karati 18 ni mafungu 18 kati ya 24, yaani robo tatu. Ndiyo maana pete za namna hiyo hugongwa chapa ya 750: katika kila gramu 1,000 za mchanganyiko, 750 ni dhahabu. Karati 14 hugongwa 585, karati 9 hugongwa 375. Chapa hiyo haijali rangi. Pete ya njano, nyeupe na ya waridi zikigongwa 750 zote zina dhahabu robo tatu kwa uzito. Kuhusu zile 250 zilizobaki chapa inanyamaza kabisa, na maswali yako yote matatu yamejificha ndani ya ukimya huo.

Kuhusu shaba kwanza, maana naona shemeji ameshapata wafuasi. Sarafu ya Krugerrand ya Afrika Kusini, inayotolewa tangu 1967, ina uzito wa gramu 33.93. Kati ya hizo, gramu 31.1 ni dhahabu, ambayo ni aunsi moja kamili, na zilizobaki ni shaba. Ukiishika utaona imekolea wekundu kidogo kwa sababu hiyo. Hakuna anayeiita bandia. Shaba imewekwa ili sarafu isikwaruzike ovyo, kwa kuwa dhahabu tupu ni laini mno kwa kitu cha kushikwashikwa. Kuchanganya si kughushi. Kughushi ni kusema 750 ilhali ni 585.

Haya, tuifungue hiyo robo. Dhahabu ya waridi ya karati 18, katika mchanganyiko unaotumika sana, ni mafungu 750 ya dhahabu, 220 hivi ya shaba na 30 hivi ya fedha. Ukiondoa fedha yote ukaweka shaba tupu, rangi inakolea na kuwa nyekundu. Ukiongeza fedha na kupunguza shaba, inafifia kuelekea njano. Kwa hiyo masonara wawili wanaweza kukupa waridi mbili tofauti kwa macho, zote 750, na wote wakawa waaminifu.

Dhahabu nyeupe ni kesi nyingine, kwa sababu jina hilo moja limebeba michanganyiko miwili isiyofanana. Dhahabu ni njano kwa kuwa humeza sehemu ya mwanga wa buluu na kurudisha mwekundu na wa njano. Ili iwe nyeupe inahitaji mwenzake wa kuiua hiyo njano, na kati ya metali zinazofaa, mbili ndizo zinazotumika zaidi: nikeli na paladiamu. Mchanganyiko wa paladiamu unaweza kuwa 750 dhahabu, 150 paladiamu na 100 fedha. Wa nikeli unaweza kuwa 750 dhahabu, 110 nikeli, 90 shaba na 50 zinki. Shaba huingizwa ili pete ifanyike kazi bila kupasuka, na zinki husaidia kuficha wekundu wa hiyo shaba. Kila kiwanda kina vipimo vyake, lakini sura ya jumla ndiyo hiyo. Nikeli ni metali ya bei ya chini. Paladiamu ni ya jamii ya platinamu na huuzwa kwa aunsi kama dhahabu yenyewe. Hapo unaona mtu akikuambia "dhahabu nyeupe" peke yake bado hajakuambia kitu.

Kwa njia, ndiyo maana hutaona dhahabu nyeupe ya karati 22. Katika karati 22 nafasi iliyobaki kwa metali nyingine ni chini ya sehemu moja ya kumi, na paladiamu au nikeli kiasi hicho haitoshi kuishinda njano. Waridi ya karati 22 inawezekana, ila itakuwa njano yenye haya ya wekundu, kama ile Krugerrand. Na anayekuuzia "nyeupe ya karati 24" anakuuzia maneno.

Sasa twende kwenye mizani, kwa sababu hapo ndipo sonara wako alipokosa maneno. Pete inapomiminwa, kinachopangwa na kalibu ni ukubwa, si uzito. Kalibu moja ikijazwa metali tofauti hutoa pete zenye umbo lilelile na uzito tofauti. Dhahabu tupu ina gramu 19.3 katika kila sentimita moja ya ujazo. Paladiamu ina 12, fedha 10.5, shaba na nikeli karibu 9 kila moja, na zinki 7 na kidogo. Waridi yenye shaba nyingi hutoka na gramu 15.1 kwa kila sentimita ya ujazo. Nyeupe ya paladiamu hutoka na 16.4. Nyeupe ya nikeli hutoka na 14.7.

Chukua pete zenu. Ukigawa 4.53 kwa 15.1 unapata ujazo wa 0.30. Ukigawa 4.93 kwa 16.4 unapata 0.30 vilevile. Kwa hiyo kalibu ni moja kweli, na sonara wako, bila kulitaja, amekupigia hesabu ya nyeupe ya paladiamu. Angekuwa anakusudia nikeli, pete yako ingekadiriwa gramu 4.40, nyepesi kuliko ya mchumba wako. Huo si ushahidi wa mwisho, lakini ni dalili nzuri kwamba hakubahatisha.

Robo tatu ya 4.53 ni gramu 3.40 za dhahabu. Robo tatu ya 4.93 ni gramu 3.70. Kumbe pete nyeupe ina dhahabu *nyingi* zaidi, gramu 0.30 zaidi, bila kuwa *safi* zaidi. Paladiamu ni nzito kuliko shaba, na kwa kuwa karati huhesabiwa kwa uzito, mchanganyiko mzito unadai dhahabu zaidi ili kutimiza robo tatu yake ndani ya umbo lilelile. Nadhani hicho ndicho alichotaka kukueleza, likamponyoka neno.

Tuigeuze kuwa bei. Sitaki kutaja bei ya leo maana kesho haipo, kwa hiyo tuseme gramu moja ya dhahabu tupu ni pointi 100, na paladiamu tuichukulie ni pointi 40. Pete ya waridi ina dhahabu ya pointi 340. Shaba yake ni gramu moja, na gramu moja ya dhahabu hununua kilo kadhaa za shaba, kwa hiyo shaba hiyo tuiandike sifuri. Fedha iliyomo ni chembe tu, nayo tuiache. Metali yote: pointi 340. Pete yako ina dhahabu ya pointi 370, paladiamu gramu 0.74 ambayo ni pointi 30 hivi, na fedha nusu gramu isiyofika hata pointi moja. Metali yote: 400. Mia nne juu ya mia tatu na arobaini ni ongezeko la asilimia 18 hivi, ile moja ya tano uliyoisikia. Karibu nusu ya ongezeko hilo haitokani na paladiamu yenyewe. Imetokana na dhahabu ya ziada ambayo uzito wa paladiamu umeilazimisha kuingia.

Pete ileile kwa nikeli ingekuwa na dhahabu gramu 3.30, pointi 330, na nikeli ya thamani isiyostahili kuandikwa. Ingekuwa na metali ya bei ndogo kuliko ya waridi. Ndiyo maana nakuomba usiridhike na neno "nyeupe". Ukilipa bei ya paladiamu ukapewa ya nikeli, chapa itakuwa 750 halali, hakuna atakayekuwa amedanganya kwenye karati, na bado utakuwa umelipa pointi 70 za metali ambayo haimo. Ukipokea pete ya gramu 4.40 kwa makadirio ya 4.93, swali lako la kwanza liwe hilo.

Hiyo namba 40 niliyoichagua ya paladiamu haitulii. Paladiamu hutumika zaidi kwenye vichujio vya moshi vya magari ya petroli, na sehemu kubwa huchimbwa Urusi na Afrika Kusini, kwa hiyo bei yake hufuata habari za viwanda vya magari na za vita kuliko za arusi. Mwaka 2019 iliipita dhahabu. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, ilivuka dola 3,000 kwa aunsi wakati dhahabu ilikuwa karibu na 2,000. Baadaye ikaporomoka chini ya dhahabu tena. Kwa bei za mwezi ule, metali ya pete yako ingekuwa pointi 480 badala ya 400, bila kuongeza punje ya usafi. Makadirio ya dhahabu nyeupe yaliyokaa miezi kadhaa mfukoni ni vizuri kuyaomba upya.

Juu ya metali kuna ufundi, na huo hupangwa na fundi. Sioni ajabu akitoza zaidi kwa paladiamu: huyeyuka kwa joto kubwa zaidi, na kuimimina bila vitundu vya hewa kunataka moto mkali na mkono uliozoea. Kinachonishangaza ni pale pete ya waridi inapouzwa ghali kuliko ya njano ya karati hiyohiyo kwa madai ya "metali maalumu". Metali yenyewe ni shaba. Kama kuna nyongeza, iitwe ufundi au mtindo, ujue unacholipia.

Uliyoyasikia kuhusu njano ni kweli. Dhahabu nyeupe, hata ya paladiamu nzuri, si nyeupe kama fedha iliyong'arishwa. Ya paladiamu ina ukijivu wenye joto kidogo. Ya nikeli mara nyingi hubaki na kivuli cha njano. Ule weupe wa kioo unaouona dukani ni rodiamu, metali nyingine ya jamii ya platinamu, iliyovikwa juu kwa kuchovya pete katika maji ya dawa yenye umeme. Utando wake ni mwembamba sana, kwa kawaida chini ya elfu moja ya milimita. Pete huwa kama inageuka njano pale rodiamu inaposuguka, kwanza upande wa kiganja na kwenye kingo, na rangi ya asili ya mchanganyiko ikachungulia. Hakuna dhahabu iliyopotea wala kuharibika. Fundi huisafisha, huing'arisha na kuivika upya.

Ukisikia rodiamu ni ghali usiogope sana. Ni kweli 2021 bei yake ilipita dola 20,000 kwa aunsi. Lakini pete yako ina uso wa sentimita sita hivi za mraba, na utando wa mikroni 0.3, yaani sehemu 0.3 ya elfu moja ya milimita, hauhitaji zaidi ya miligramu mbili na ushei. Hata kwa bei ile ya dola 20,000, rodiamu inayobaki juu ya pete haikufika dola mbili. Unapotozwa kwa kuvika upya, unalipia muda wa fundi, usafishaji na dawa. Muulize kabisa sasa hivi kama uvikaji wa kwanza wa marudio umo kwenye bei. Na usikubali aivike nene mno kwa kudhani itadumu milele, maana utando mnene hujenga mvutano ndani yake na kupasukapasuka. Kama hupendi safari hizo, omba nyeupe ya paladiamu isiyovikwa. Mwombe akuonyeshe kipande kilichong'arishwa tu, ukitazame nje kwenye mwanga wa mchana, kabla hujakubali.

Kuna njia ya kuipima mwenyewe nyumbani pete ikifika, ilimradi haina kito na haina uwazi ndani. Unahitaji mizani ndogo inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Pima pete kavu, andika. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani na uirudishe sifuri. Funga pete kwa uzi mwembamba sana, izamishe yote ndani ya maji ikining'inia bila kugusa chini wala kando, na uitikise taratibu ili viputo vya hewa vilivyonata vitoke. Namba itakayosomeka kwa gramu ndiyo ujazo wa pete kwa sentimita. Pete ya gramu 4.93 ikisoma 0.30, ni gramu 16.4 kwa sentimita, ambayo inaafikiana na paladiamu ya karati 18. Ikisoma 0.34, ni 14.5, na hapo una nikeli au una karati ndogo.

Nasema "inaafikiana" kwa makusudi. Mizani ya namna hiyo inaweza kukosea kwa 0.01 huku au kule, na kwa pete ndogo kosa hilo linahamisha jibu kwa karibu nusu gramu. Rudia mara kadhaa. Tena kuna mtego: dhahabu nyeupe ya karati 14 yenye paladiamu na fedha nyingi inaweza kutoka na 14.6, karibu sawasawa na karati 18 ya nikeli. Kipimo cha maji kinaweza kukutia shaka pale inapostahili. Hakiwezi kukupa karati.

Nikeli ina jambo jingine lisilohusu bei. Watu wengi wana mzio nayo, na ngozi huanza kuwasha, kuwa nyekundu na kuchubuka chini ya pete. Ulaya iliweka sheria ya nikeli mwaka 1994, na kiwango chake kwa vitu vinavyokaa juu ya ngozi ni nikeli isiyozidi mikrogramu 0.5 kutoka kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Angalia wanachopima: si kiasi kilichomo ndani ya pete, bali kinachotoka kwa jasho. Rodiamu huizuia nikeli mradi utando haujachakaa, ndiyo maana mtu anaweza kuivaa pete mwaka mzima salama kisha akaanza kuwashwa. Kama wewe hupata upele kwa hereni za bei rahisi au kifungo cha suruali, achana na nikeli tangu mwanzo. Kwa asiye na mzio, nikeli ina sifa yake: ni ngumu na hukamata kito vizuri. Ila vile vikucha vinavyoshika kito visikutane na klorini mara kwa mara, iwe ya bwawa la kuogelea au ya kufulia, kwa sababu nyeupe ya nikeli iliyo katika mkazo huweza kuingia nyufa humo.

Waridi ya mchumba wako kwa kawaida haina nikeli, lakini uliza, usidhani. Udhaifu wake uko kwingine. Dhahabu na shaba zikichanganywa kwa wingi huo, chini ya nyuzijoto 400 hivi chembe zake huanza kujipanga safu kwa safu. Metali ikipoa polepole, safu hizo hukamilika, na pete inakuwa ngumu kisha inavunjika badala ya kupinda. Fundi anayeijua waridi akiitoa motoni huacha wekundu wa moto ufifie kidogo, kisha huizamisha majini mara moja ili chembe zigande kabla hazijajipanga. Akiiacha ipoe mezani kama alivyozoea kwa njano, halafu akaigonga kwenye mti wa pete ili kuipanua, ndipo ule mstari mwembamba kama unywele unapotokea, mara nyingi upande wa ndani, kukata upana wa pete. Itazameni kwa lenzi siku ya kuipokea na kila inaporudi kutoka kupanuliwa. Na vidole vipimwe kwa makini kabla ya kumimina, maana kila marekebisho ni safari nyingine ya motoni. Kwa matumizi ya kila siku karati 18 ya waridi hufifia kidogo tu, na kitambaa laini kinaiamsha. Ni kwenye karati 9, ambako shaba huwa nyingi kuliko dhahabu, ndiko weusi na alama za kijani kidoleni huwa kero.

Kuhusu kuuza, nitakuwa mkweli ingawa mnafunga ndoa. Mnunuzi wa dhahabu chakavu hulipa dhahabu iliyomo, akitoa gharama ya kuisafisha na faida yake. Ufundi haurudi, rodiamu hairudi, shaba haikuwa na bei tangu mwanzo. Paladiamu ina thamani, lakini kuitenganisha kutoka pete moja ni kazi ambayo wanunuzi wengi hawaifanyi, kwa hiyo mara nyingi hutalipwa hata senti kwa gramu zako 0.74. Katika pointi zetu, kabla ya makato, pete yako inarudi na 370 kati ya 400, na ya waridi inarudi na 340 zote. Waridi haipotezi kama nyeupe kwa kuwa hakuna metali ya bei iliyozama ndani yake. Kwangu mimi hilo si sababu ya kubadili rangi ya pete ya ndoa, lakini kama mngekuwa mnanunua ili kuweka akiba ningewaambia msinunue pete kabisa.

Mwombe sonara aandike kwenye risiti mambo haya: karati, uzito wa kila pete ikiwa tayari, jina la metali iliyoifanya dhahabu iwe nyeupe, na kama imevikwa rodiamu. Akisita kwenye jina la metali, msiweke malipo ya kwanza. Kisha zipelekeni pete kwenye maabara ya kupima madini au kwa msafishaji wa dhahabu mwenye mashine ya miale. Mashine hiyo husoma ngozi ya juu tu, kwa hiyo rodiamu inaweza kuvuruga majibu. Waombe wapime mahali palipokwanguliwa kidogo upande wa ndani, na wakuandikie kila metali iliyoonekana, si dhahabu peke yake. Mkianza kuwashwa, vueni na mwone daktari wa ngozi, ambaye anaweza kubandika vipimo vya mzio mgongoni na kusema kama ni nikeli au ni sabuni tu iliyonasa chini ya pete. Na maabara ikisoma dhahabu 750 kamili lakini ikakuta nikeli pale risiti ilipoandika paladiamu, rudisha pete: karati umepewa, ila bidhaa uliyolipia siyo hiyo.